Joka halinunui kitu, sasa linalalia dhahabu ya nini?

#1 LindoLaUsiku

Wakuu, salaam.

Mimi ni mlinzi wa ghala, huu ni mwaka wa tisa. Naingia zamu saa kumi na mbili jioni, natoka kumi na mbili asubuhi, na katikati hapo simu ndiyo mwenzangu. Siku hizi nasoma hadithi za kale za Ulaya zenye majoka, na kila nikigeuka nakutana na jambo lilelile: joka limejikunja juu ya dhahabu, pangoni au ndani ya kaburi la wafalme. Dhahabu hailiwi, joka halivai pete, wala halina soko la kwenda. Lakini akija mtu kuiba kikombe kimoja tu, linatoka usiku kuchoma nchi nzima.

Mimi nalinda mali isiyo yangu kwa sababu mwisho wa mwezi nina watoto wa kulisha. Joka linalipwa na nani? Na kwa nini hao wazee walimpa kazi nyoka, wasimpe mbwa au simba? Wenye elimu naomba mshuke, usiku bado mrefu.

#2 Mwl_Tumaini

Ndugu yangu, jibu liko Ufunuo sura ya 12. Joka ni Shetani, nyoka wa zamani. Dhahabu ni anasa za dunia anazotumia kuwanasa watu. Wazungu waliandika hadithi hizo wakiwa Wakristo tayari, kwa hiyo usitafute mbali.

#3 MifupaYaKale

Mwalimu, hapo mimi naona ni mifupa tu. Watu wa zamani walipochimba dhahabu walikutana na mifupa ya madinosaria, wakasema huyu ndiye mwenye mali. Wagiriki waliandika habari za wanyama wenye mdomo wa tai wanaolinda dhahabu kaskazini ya mbali, na kuna mtafiti aliyeonyesha kwamba kwenye majangwa ya Asia ya Kati kuna mifupa ya dinosaria mwenye mdomo kama wa ndege. Basi, kila joka lina asili hiyo.

#4 MamaEskilstuna

Habari za usiku, wapendwa. Naishi Sweden mwaka wa kumi na saba sasa, na jambo hili nimelifuatilia kwa mapenzi, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Mwalimu, uko sahihi kwamba walioandika walikuwa Wakristo. Lakini joka la Ufunuo halina hazina. Soma sura nzima, hakuna mahali limekalia dhahabu. Joka mwenye mali katoka kwingine. Na wewe MifupaYaKale, hiyo nadharia ipo, ila inahusu yule mnyama wa Wagiriki mwenye mabawa na mdomo wa tai. Huku kaskazini hakuna jangwa la mifupa hiyo, na joka maarufu kuliko yote huku halikuzaliwa joka. Alikuwa mtoto wa mtu.

Jina lake Fafnir. Kisa chake kimeandikwa Aislandi katika karne ya 13, na mmoja wa walioandika ni Snorri Sturluson, lakini chenyewe ni cha zamani zaidi. Baba yao aliitwa Hreidmar, na wana walikuwa watatu: Fafnir, Regin na Otr. Otr alikuwa akijigeuza fisi maji na kushinda kwenye maporomoko akivua samaki. Siku moja wakapita miungu watatu, Odin, Loki na Hoenir. Loki akamwona fisi maji anakula samaki, akamtwanga jiwe, akamchuna. Jioni wakaomba malazi kwenye nyumba ya Hreidmar, wakaonyesha ngozi kwa fahari. Baba akaitambua ngozi ya mwanawe.

Hapo wakashikwa na kudaiwa dia. Hili ndilo watu hulipita haraka: dhahabu inaingia hadithini kama dia ya mtoto aliyeuawa. Sharti lilikuwa kuijaza ngozi dhahabu mpaka isimame, kisha kuifunika kwa nje isionekane hata unywele. Loki akaenda kumnasa kibeti aitwaye Andvari, aliyekuwa akiishi majini kwa umbo la samaki, akamnyang'anya vyote. Kikabaki kipete kimoja. Kibeti akaomba aachiwe hicho tu, kwa sababu kingeweza kumzalishia mali upya. Loki akakichukua pia, na kibeti akailaani dhahabu: atakayeimiliki, itamuua.

Wakajaza, wakafunika. Hreidmar akainama, akakagua kwa makini, akaona unywele mmoja wa sharubu umechomoza. Akasema ufunikwe huo nao, au mapatano yamevunjika. Odin akavua ile pete akauziba.

Wana wawili waliobaki wakaomba fungu lao katika dia ya ndugu yao. Baba akakataa. Fafnir akamuua baba yake usingizini. Regin akaomba nusu. Fafnir akamwambia aondoke kabla hajamfuata baba. Akaibeba dhahabu yote, akavaa kofia ya kutisha iliyokuwa ya baba yake, akaenda nyikani mahali paitwapo Gnitaheid, akachimba pango, akajigeuza joka, akalala juu yake.

Kwa hiyo swali lako, mlinzi, nani anamlipa joka? Huyu hakuajiriwa na mtu. Huyu ni mrithi aliyekataa kugawana.

#5 LindoLaUsiku

Mama, nimesoma mara mbili. Ule unywele wa sharubu umenikaa kichwani. Mzee anaomboleza mtoto na bado anakagua unywele mmoja.

Nilikuwa nadhani joka linakuta dhahabu ndipo linakalia. Kumbe mtu ndiye anaikuta dhahabu, kisha anakuwa joka.

#6 Kilosa_Juu

Samahani wakuu, nimeingia kwa sababu ya kichwa cha uzi. Nina jambo halisi. Baba yangu mdogo ana shamba lenye msingi wa nyumba ya Mjerumani. Mtaalamu alikuja akasema kuna sanduku la dhahabu, na juu yake amelala joka lenye kitu king'aacho kichwani. Wameshatoa mbuzi mweusi, ikatakiwa pesa ya dawa ya kulilaza, ikatakiwa tena kwa sababu liliamka. Ng'ombe wawili wameuzwa. Shimo ni futi kumi na nne. Je, kwa uzoefu wenu, joka la namna hiyo linaondokaje?

#7 MwanaIramba

Kilosa_Juu, pole sana, ndugu. Nakujibu kwa heshima maana kwetu yametokea hayohayo.

Dhahabu ya Mjerumani ilikuwepo kweli, usidhani watu wanaota tu. Mgodi wa Sekenke uko kwetu Iramba. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewafungia njia ya baharini, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 Tabora, kwenye karakana ya reli, upande mmoja tembo na upande wa pili tai. Lakini angalia hesabu. Zilipigwa sarafu elfu kumi na sita na ushee. Kila moja ina uzito wa gramu saba hivi. Zote kwa pamoja hazifiki kilo mia na ishirini, na hiyo si dhahabu tupu. Tena zilipigwa zitumike, zikatawanyika mikononi mwa watu, nyingine leo ziko kwa wakusanyaji na makumbusho. Sasa jumlisha masanduku yote yanayosemwa yako chini ya kila boma na kila msingi nchi hii, uone kama yanaingia katika kilo mia na ishirini.

Na hilo joka lenu litazame kazi yake. Fundi wa kisima akichimba asipate maji, anakwambia hakuna maji. Huyu mtaalamu hatakwambia hakuna dhahabu kwa sababu ana joka. Likitajwa joka, kukosa kunageuka kuwa dalili kwamba mali ipo, na malipo yanaanza upya. Mwambie baba mdogo aulize jambo moja tu: kitu gani kikionekana shimoni kitamfanya mtaalamu akubali kwamba hakuna sanduku? Kama hakuna jibu, aache. Na kuta za shimo la futi kumi na nne lisilojengewa zinaweza kuporomoka, hasa mvua zikianza. Mtu asishuke tena.

#8 UstaadhKae

Assalaam alaykum. Mama Eskilstuna amenikumbusha jambo tunalolisoma kila Ramadhani bila kulitafakari.

Katika Sahihi ya Bukhari, Abu Hurayra anapokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba aliyepewa mali na Mwenyezi Mungu kisha asiitolee zaka, mali hiyo Siku ya Kiyama itafanywa nyoka dume mwenye upara, mwenye madoa mawili meusi juu ya macho. Itamzunguka shingoni, imkamate mashavu, imwambie: mimi ni mali yako, mimi ni hazina yako.

Tazameni tofauti. Kwa hao wa kaskazini, mtu anageuka nyoka. Kwetu, mali ndiyo inageuka nyoka na mtu anabaki mtu ili aisikie ikisema. Neno la Kiarabu hapo ni lile lililotupa Kiswahili "kanzi". Na masahaba waliulizana kanzi ni ipi hasa. Ibn Umar aliona kwamba mali iliyotolewa zaka si kanzi hata ikiwa imezikwa chini ya ardhi, na isiyotolewa ni kanzi hata ikiwa juu ya ardhi. Kwa hiyo kosa haliko kwenye kufukia. Kosa ni fungu la mwingine lililobaki ndani.

#9 MamaEskilstuna

Ustaadh, Mungu akuzidishie. Hilo la fungu la mwingine ndilo hasa.

Watu wa kaskazini hawakuwa na zaka, lakini walikuwa na kawaida ya kutoa, na mfalme alipimwa kwayo. Washairi walimwita mfalme "mvunja pete". Dhahabu ilivaliwa kama vikuku mkononi, na mfalme alivivunja vipande akawagawia askari karamuni, nao wakamfia vitani. Mali ikisimama, jeshi linavunjika. Katika utenzi wa Kiingereza cha kale unaoitwa Beowulf, mfalme mzee anamwonya kijana kwa kumtajia Heremod, mfalme aliyeacha kugawa pete, akawa mwenye kiu ya damu, akaua hata wenzake wa mezani. Huyo hakuota magamba, lakini tabia ni ya joka.

Mlinzi, kile kikombe ulichotaja kimetoka kwenye utenzi huohuo. Joka lilikaa miaka mia tatu kaburini bila kumgusa mtu, hadi mtumwa aliyekuwa akikimbia adhabu alipoingia akachukua kikombe ampelekee bwana wake wapatane. Na hazina hiyo ilizikwa na mtu wa mwisho wa ukoo uliokwisha. Hakuwa na wa kumpa. Sijawahi kuisoma sehemu hiyo bila kuhuzunika.

Sasa niwaonyeshe nilichokiona kwa macho. Si mbali na mji ninaoishi kuna mwamba wa Ramsund, umechorwa miaka elfu moja iliyopita hivi. Nilikwenda mwezi wa tano, nyasi zikiwa bado fupi. Mchoro una upana wa karibu mita tano. Mwili wa joka ndio unaozunguka mchoro wote, na ndani ya mwili huo, kama ndani ya utepe, ndimo yalimoandikwa maandishi: Sigrid amejenga daraja hili kwa ajili ya roho ya Holmger, mume wake. Chini kabisa kijana Sigurd, aliyechochewa na Regin amuue Fafnir, amepiga magoti, anamchoma joka upanga tumboni kwa chini, maana alichimba shimo kwenye njia joka linayopita kwenda kunywa maji, akajificha humo. Ndani ya mzunguko huo yuko Regin, kichwa kimelala kando na mwili, na vifaa vyake vya uhunzi vimetapakaa. Farasi amefungwa mtini, ndege wawili wako juu. Sigurd anachoma moyo wa joka na kidole amekitia mdomoni, kwa sababu kiliungua, na damu ile ilipogusa ulimi akaelewa lugha ya ndege. Ndege walikuwa wanasema Regin atakuua.

Nilisimama pale muda mrefu. Mjane katoa mali ajenge daraja watu wapite, na maandishi yake kayaweka ndani ya tumbo la yule aliyekataa kutoa. Sijui kama alikusudia hivyo. Mchongaji huenda alipenda tu umbo lake refu.

#10 HesabuZaBinti

Mama, naheshimu maelezo yako ila nina shaka moja, mimi ni mhasibu. Nani aliyetuambia mfalme bahili ni joka? Washairi. Na washairi walikula kwa nani? Kwa mfalme. Mtu anayeishi kwa zawadi lazima atamwita asiyetoa zawadi nyoka. Tunasikia upande mmoja wa daftari.

Halafu kuficha mali haikuwa wazimu. Hakukuwa na benki. Huko kwenu Gotland, mwaka 1999 ilichimbuliwa hazina ya Spillings: kilo 67 za fedha, sarafu zaidi ya 14,000, na nyingi kati ya hizo ni dirhamu za Waislamu. Fedha hiyo ilivuka mito ya Urusi hadi kisiwani, ikafukiwa. Mwenyewe hakurudi. Alikuwa joka, au alikuwa mfanyabiashara mwenye akiba aliyekufa ghafla? Akiba na ubahili vinatofautianaje, kama vyote viwili viko chini ya sakafu?

#11 MamaEskilstuna

Binti, hapo umenishika, na sitakubishia. La washairi ni kweli.

Nikuongezee silaha: Snorri anaandika kwamba Odin aliweka sheria kila mtu atafaidi peponi kile alichokizika mwenyewe ardhini. Kwa hiyo kuna waliofukia kwa matumaini kabisa. Lakini yuko pia mshairi Egil. Uzeeni, kipofu, alitaka kumwaga masanduku mawili ya fedha aliyopewa na mfalme wa Uingereza katikati ya mkutano wa watu ili awasikie wakipigana. Alipozuiwa, akatoka usiku na watumwa wawili kwenda kuyaficha, akarudi peke yake. Watumwa aliwaua. Huyo ni mshairi, Binti, wala si mfalme.

Tofauti unayoiuliza mimi naitafuta kwa Fafnir, kwenye lile ombi. Waliomwomba walikuwa na haki na walikuwa hai. Huyo wa Spillings hatujui nani alimwomba nini.

#12 HesabuZaBinti

Basi inabidi tuwe na mwombaji ndipo tujue. Bado sijaridhika, maana hata wa kwanza kukagua unywele alikuwa baba, na yeye hakugeuka joka. Kwa nini?

#13 ZamaniSeminari

Wapendwa, swali la mlinzi la nyoka halijajibiwa. Nilisoma Kilatini seminari miaka mingi iliyopita, bado nakikumbuka.

Neno la Kigiriki la joka, ambalo Warumi walilichukua, wataalamu wa lugha hulifungamanisha na kitenzi cha kutazama. Joka ni "mwenye jicho". Mchunguze nyoka: hana kope za kufumba. Akilala, macho yako wazi. Mbwa anasinzia, simba anashiba akalala kivulini. Na nyoka anaishi mashimoni na kwenye makaburi ya zamani, palepale watu walipofukia vitu. Ndiyo maana majoka ya Wagiriki yanalinda bila kulala, lile la ngozi ya dhahabu kule Kolkisi na lile la matufaha ya dhahabu. Hayo yaliwekwa zamu kama wewe, hayakuwa wamiliki. Kwa hiyo Mama, joka la kaskazini na la Wagiriki ni watu wawili tofauti: moja mrithi, moja askari.

Phaedrus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza aliyewahi kuwa mtumwa, ana kisa kifupi. Mbweha anachimba shimo lake, anakwenda chini sana, anatokea kwenye pango la joka linalolinda hazina. Anaomba radhi kwanza. Kisha anauliza: unapata nini hata ukose usingizi na kuishi gizani? Joka linajibu, sipati kitu, nimepewa kazi hii na Jupita, mungu mkuu. Hutumii mwenyewe wala humpi mtu? Ndivyo ilivyoamriwa. Mbweha anasema, usikasirike nikisema wazi: aliye kama wewe alizaliwa miungu ikiwa na hasira naye.

Phaedrus anakimalizia kwa kumsema tajiri bahili. Lakini mimi nikisoma namwonea joka huruma. Halikuchagua.

#14 LindoLaUsiku

Mzee wangu, nimesoma hicho kisa nikiwa nimekaa kwenye kiti cha getini, saa tisa na nusu usiku. Nyuma yangu kuna mabati na saruji ya mtu ambaye sijawahi kumwona uso. Mimi nina kope, na saa kumi na mbili mwenzangu anakuja. Joka la Jupita halina wa kulipokea zamu. Nadhani hapo ndipo lilipogeuzwa joka, sawa na yule wa kaskazini, ingawa mmoja alijifunga mwenyewe na mwingine alifungwa.

Mama, nisaidie kitu cha mwisho. Dhahabu ya Fafnir iliishia wapi?

#15 MamaEskilstuna

Fafnir akiwa anakufa alimwonya Sigurd kwamba dhahabu hiyo itamuua. Sigurd akaipakia kwa farasi. Mashemeji zake, Gunnar na Hogni, wakasababisha auawe. Kisha mfalme Atli akawakamata hao, akitaka kujua wameificha wapi. Gunnar akasema, nileteeni kwanza moyo wa ndugu yangu. Wakamletea moyo wa mtumwa; akaukataa, kwa kuwa ulikuwa ukitetemeka kwenye sinia. Walipoleta wa Hogni kweli, akasema: sasa ninayejua ni mimi peke yangu, na mto Rini ndio utakaoitawala. Wakamtupa kwenye shimo la nyoka.

Ilitoka kwa kibeti wa majini, na majini ndiko iliko.

Na Binti, kuhusu baba: nimefikiri tangu jana. Labda hakugeuka kwa sababu hakupata muda.

#16 HesabuZaBinti

Labda. Lakini Atli naye alikuwa na muda wa kutosha, na hakuota magamba.

#17 Kilosa_Juu

Nimerudi. Nimempigia baba mdogo, nikamuuliza swali la MwanaIramba. Akakaa kimya, akasema atamuuliza mtaalamu. Leo asubuhi binamu ananiambia mtaalamu kajibu kwamba swali hilo limemkasirisha joka, na anataka ng'ombe wa tatu. Kesho napanda basi la saa kumi na mbili. Nimenunua nyavu na mbao za kuzungushia shimo wakati tunalifukia, maana watoto wanapita hapo kwenda shule.